Skrini ya gari isikuumize macho usiku
Skrini za Android zinazofungwa garini badala ya redio ya awali huwa na waya mwembamba, mara nyingi wa rangi ya chungwa wenye maandishi ILL, ambao unapaswa kuunganishwa na nyaya za taa ndogo ili taa zinapowashwa skrini ipunguze mwanga yenyewe. Mafundi wengine huuacha waya huo umeviringwa utepe nyuma ya dashibodi, kwa sababu redio hulia vizuri hata bila huo. Ili kujua, egesha gari mahali penye giza, washa taa ndogo, kisha utazame skrini. Isipofifia, huenda waya haujaunganishwa, au kirekebishi cha mwanga wa dashibodi kimezungushwa hadi mwisho wa kuongeza mwanga, jambo ambalo katika baadhi ya magari huirudisha skrini kwenye mwanga wa mchana hata taa zikiwa zinawaka.

Kabla hujampata fundi, punguza mwanga kwa mkono gari likiwa limesimama na macho yakiwa yameshazoea giza, mpaka ramani isomeke kwa kutupia jicho mara moja na taswira ya skrini isionekane tena kwenye vioo vya madirisha. Ramani yenye usuli mweupe itaendelea kuchoma macho hata mwanga ukipunguzwa, kwa hiyo chagua rangi za usiku katika mipangilio ya ramani yenyewe. Njia ukiwa unaijua, mimi naona ni bora kuizima skrini kabisa, kwani sauti huendelea kusikika.