Kwa bibi Marangu, msianzie huko

Mnapanga kuwaleta watoto kutoka Toronto mwezi Julai: kwa bibi yao kijijini Marangu, mbugani na baharini. Saa za Moshi zinawatangulia kwa 7. Saa nne asubuhi, ndugu wanapojaa uani, kwa miili yao ni saa tisa usiku. Mtoto atasinzia au kulia, ataacha kuamkia, na wazee watasema hana adabu.

Kaeni kwanza Moshi mjini siku tatu. Kila asubuhi watembee nje, na usingizi wa mchana usizidi saa moja. Kisha Marangu siku nne. Wakichoshwa na wageni, maporomoko ya Kinukamori yako karibu. Mbuga na bahari vifuate.

Muhimu: mtajieni bibi tarehe ya kufika kwake, si ya ndege, la sivyo mbuzi atachinjwa mapema.