Kabla ya kufungua ripoti ya matangazo ya wiki: maandalizi kwa wahudumu wa duka

Mhudumu asiyeandaliwa akifunguliwa ripoti ya matangazo, jicho lake hukimbilia nambari kubwa kuliko zote. Akiona 35,000 anafurahi, akiona 12 anavunjika moyo. Kumbe ile 35,000 ni mara tangazo lilivyopita mbele ya watu, na 12 ndio walionunua. Mwongozo huu ni wa duka linalotangaza Facebook na Instagram na kupokea wateja kwa WhatsApp. Mfano tutakaoufuata ni duka la madera Barabara ya Biashara, Mombasa, na hesabu zake tumezipanga kwa ajili ya kujifunzia.

Cha kwanza kuwekwa mezani ni daftari. Ripoti inaishia pale mteja anapotuma ujumbe. Haijui kama mlimjibu, kama alilipa, wala kama dera lilimfikia Likoni. Hayo mnayajua nyinyi, na yasipoandikwa yanapotea. Daftari liwe na safu tano tu: siku, mazungumzo mapya yaliyotoka kwenye tangazo, mangapi yalijibiwa siku hiyo hiyo, wangapi walinunua, na vipande vingapi vilitoka. Lijazwe kila jioni kabla ya kufunga. Likiachwa mpaka Jumapili, mtu huanza kukisia, na kisio huelekea upande wa matumaini.

Mazungumzo yaliyotoka kwenye tangazo hayana shida kuyatambua. Mteja akigusa tangazo na kuandika, ujumbe wake wa kwanza huja na picha ndogo ya tangazo lenyewe. Anayeshika simu aupachike lebo papo hapo; WhatsApp Business ina sehemu ya lebo za rangi kwa kazi hiyo. Mteja akilipa, andikeni msimbo wa muamala wa M-Pesa mbele ya jina lake la WhatsApp, kwa sababu mara nyingi anayelipa si aliyeandika: mke ameagiza, mume ametuma pesa, na majina hayafanani. Msichukue jumla ya tili ya wiki mkaiita mauzo ya tangazo. Ndani yake mna waliopita njiani wakaingia, na wateja wenu wa miaka yote.

Kuna pia mtu anayeona tangazo, haandiki chochote, anakuja mwenyewe dukani. Ripoti haitamwonyesha kamwe. Basi anayehudumu kaunta aulize, "Umetuona wapi?" na akijibiwa ni kwenye simu, apige mstari mmoja pembeni mwa daftari. Mistari hiyo msiichanganye na hesabu ya WhatsApp, lakini msiitupe.

Daftari likiwa tayari, hakikisheni kwamba wiki ya daftari na wiki ya ripoti ni ile ile. Chagueni Jumatatu hadi Jumapili kwenye kisanduku cha tarehe, kila wiki bila kubadilisha, na ripoti isomwe Jumanne kwa sababu hesabu za siku za mwisho huweza kupanda kidogo zinapokamilishwa. Kisha mwenye akaunti aangalie saa za akaunti. Akaunti iliyofunguliwa kwa saa za Los Angeles huanza siku yake saa nne au saa tano asubuhi ya Mombasa, kutegemea majira ya huko. Ujumbe ulioingia Jumatatu saa tatu asubuhi, ripoti itauweka Jumapili. Mkiona hesabu za siku moja moja hazilingani na daftari ilhali jumla ya wiki inakaribiana, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Kumbukeni pia kwamba ripoti huandika saa kwa mtindo wa 24: 20:00 ni saa mbili usiku, si saa nane.

Pesa nayo ina mtego wake. "Amount spent" ni pesa ya matangazo pekee, bila kodi wala makato ya benki, na huonyeshwa kwa sarafu ya akaunti. Ikiwa ni dola, geuzeni kwa kiwango ambacho benki iliwakata kweli, si kile cha kwenye mtandao.

Sasa maneno ya ripoti. Chukulieni gari la matangazo lenye spika, linatoka Mwembe Tayari kuelekea Kongowea. Mtu mmoja amelisikia asubuhi akingoja matatu, na jioni akalisikia tena akinunua samaki. Kwa ripoti, huyo ni "Reach" moja na "Impressions" mbili. Reach ni vichwa, Impressions ni mara. Mkigawa mara kwa vichwa mnapata "Frequency", yaani kwa wastani kila mtu ameona tangazo mara ngapi. Kosa linalotokea sana ni kujumlisha Reach ya Jumatatu, Jumanne na kuendelea ili kupata ya wiki. Aliyeona tangazo siku nne atahesabiwa mara nne. Reach ya wiki husomwa kwenye mstari wa wiki nzima, haijumlishwi kwa mkono.

Neno linalodanganya kuliko yote ni "Results". Maana yake hubadilika kulingana na lengo lililochaguliwa tangazo lilipotengenezwa. Tangazo la kuleta ujumbe huhesabu mazungumzo, tangazo la kupata mwitikio huhesabu waliopenda na kutoa maoni. Yakikaa mistari miwili ya jirani, moja litasema shilingi 3 kwa kila tokeo na jingine shilingi 50, na mhudumu atasema la shilingi 3 ndilo rahisi. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Someni maandishi madogo chini ya nambari. Mnayotafuta ni "Messaging conversations started", mazungumzo yaliyoanzishwa.

Hata hayo hayatalingana sawasawa na simu yenu, na si lazima kuna hitilafu. Facebook huhesabu mazungumzo yameanza pale mtu anapoandika baada ya kimya cha angalau siku 7. Mteja aliyeuliza bei Ijumaa, akaona tangazo tena Jumatatu na kuandika upya, kwenu ni mtu aliyerudi, kwa ripoti hakuanzisha kitu. Tofauti ya mawili matatu ipiteni. Ripoti ikisema 84 na daftari likasema 40, kuna simu ya pili inayopokea ujumbe, au lebo hazipachikwi.

Tuingie kwenye mfano. Wiki iliyopita duka letu la madera lilitumia shilingi 3,500 na kupata mazungumzo 70. Wiki hii limetumia 4,200 na kupata mazungumzo 84. Vichwa 14,000, mara 35,000, kwa hiyo kila mtu aliliona tangazo mara mbili na nusu kwa wastani. "Cost per result" ni shilingi 50 wiki zote mbili. Ukisoma ripoti peke yake, mambo ni mazuri: pesa imeongezwa, ujumbe umeongezeka, na bei ya kila ujumbe haijapanda hata shilingi.

Fungueni daftari. Wiki iliyopita walinunua watu 14, wakachukua madera 20. Wiki hii wamenunua 12, madera 17. Gawanyeni pesa ya tangazo kwa wanunuzi: 3,500 kwa 14 ni shilingi 250 kwa kila mnunuzi, 4,200 kwa 12 ni shilingi 350. Kila dera linauzwa 1,200, na faida ndani yake, kabla ya gharama ya tangazo, ni 450. Wiki iliyopita faida ilikuwa 9,000. Ukitoa tangazo inabaki 5,500. Wiki hii ni 7,650. Ukitoa tangazo inabaki 3,450. Kwa mteja aliyechukua dera moja, duka limebakiwa na shilingi 100, na kama duka ndilo linalolipa boda wa kumpelekea, hata hiyo haipo.

Hapa wengi hulizima tangazo. Kabla hamjaligusa, tazameni safu ya tatu ya daftari, ile ya waliojibiwa siku hiyo hiyo. Kati ya 84, waliojibiwa siku hiyo ni 61, na kati yao walinunua 11. Waliosubiri hadi kesho yake ni 23, akanunua mmoja. Waliojibiwa mapema wamenunua karibu mmoja katika kila watano na nusu. Wiki iliyopita, wote walipojibiwa siku ile ile, alinunua mmoja katika kila watano. Tangazo linaleta watu karibu wale wale. Kilichobadilika ni simu. Angalieni saa za ujumbe wa wale 23: wameandika kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wametulia nyumbani, na simu ya duka imefungiwa kwenye droo tangu magharibi.

Kama hao 23 wangeingia mapema na bado wanunuzi wakabaki 12, mngetafuta kwingine. Someni mazungumzo kumi yaliyokufa, moja baada ya jingine, na tazameni ujumbe wa mwisho ni wa nani. Mteja akinyamaza mara tu baada ya kutajiwa bei, pengine tangazo halikuonyesha bei na limevuta watu wa mfuko mwingine. Akinyamaza baada ya kuulizwa yuko wapi na kujibu Eldoret, tangazo limewekwa Kenya nzima ilhali nyinyi mnapeleka kwa tuktuk. Bei ya kila ujumbe ikipanda pamoja na Frequency wiki baada ya wiki, hapo ndipo picha ya tangazo imechosha watu na inafaa kubadilishwa.

Badilisheni jambo moja tu kwa wiki. Sababu iko pia upande wa Facebook: tangazo likifanyiwa badiliko kubwa huanza upya kipindi cha kujifunza, ambacho huhitaji takribani matokeo 50 ndani ya siku 7 ili kutulia. Tangazo lenu la mazungumzo 84 limeshavuka hapo. Mkiligusa Jumatano na tena Ijumaa, mtakuwa mnasoma ripoti ya tangazo ambalo halijatulia, na hamtajua lipi limeleta nini.

Kwa duka hili badiliko ni la simu: kiasi cha kila siku kibaki shilingi 600, picha ibaki, walengwa wabaki. Simu ishikwe kwa zamu mpaka saa nne usiku, na anayeishika awe na orodha ya saizi, rangi zilizobaki na bei ya kupeleka Likoni, Nyali na Bamburi, kwa sababu kumwambia mteja "nitakuuliza kesho" ni sawa na kutomjibu. Andikeni tarehe ya badiliko juu ya ukurasa mpya wa daftari. Jumanne ijayo mtaanza kusoma kwenye safu ile ya tatu kabla ya kufungua ripoti.