Kabla hujaandika kwamba faida imepaa: ya kuandaa siku ya matokeo ya mwaka

Matokeo ya mwaka ya kampuni hutoka pamoja na taarifa kwa vyombo vya habari, na taarifa hiyo karibu kila mara hutanguliza tarakimu inayopendeza zaidi. Mwandishi asiyejiandaa huishia kuinakili, kwa sababu mhariri anasubiri na hesabu zenyewe zina kurasa nyingi. Ndiyo maana kazi kubwa ya habari hii hufanyika siku moja au mbili kabla.

Kwanza tafuta ripoti ya mwaka uliopita, uisome, kisha uchore jedwali lenye safu mbili: mwaka jana na mwaka huu. Mistari minane inatosha: mapato, faida ya uendeshaji, gharama za riba, faida baada ya kodi, fedha zilizotokana na shughuli za biashara, fedha taslimu, mikopo ya muda mfupi na mikopo ya muda mrefu. Jaza safu ya mwaka jana mapema. Matokeo mapya yakitoka, linganisha tarakimu zako za mwaka jana na zile ambazo kampuni imezichapisha upya kama za mwaka jana. Zikitofautiana, hesabu za nyuma zimerekebishwa, na sababu yake lazima iwe kwenye maelezo ya hesabu. Wakati mwingine hiyo ndiyo habari yenyewe.

Andika pia juu ya jedwali kama tarakimu ziko katika maelfu au mamilioni, na kama unasoma safu ya kundi zima au ya kampuni mama peke yake. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kuchukua mapato kwenye safu ya kundi na faida kwenye safu ya kampuni mama. Habari ikatoka hivyo, na kesho yake tukalazimika kuchapisha masahihisho. Safu hizo hukaa bega kwa bega, na jicho lililochoka huruka kwa urahisi.

Sasa tuchukue kampuni ya mfano, tarakimu zote zikiwa katika mamilioni. Taarifa yake kwa vyombo vya habari inasema faida baada ya kodi imepanda kwa asilimia 22, kutoka 350 hadi 427. Ni kweli kabisa, hesabu haina kosa. Mapato yamepanda kutoka 8,000 hadi 8,240, yaani asilimia 3. Hapo ndipo pa kusimama kidogo: mauzo yaliyoongezeka kwa asilimia 3 yamezaaje ongezeko la faida la asilimia 22? Ama gharama zimebanwa sana, ama kuna fedha iliyoingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo mara nyingi huitwa mapato mengine. Ni mstari mmoja mfupi wenye namba ndogo pembeni inayokupeleka kwenye maelezo ya hesabu. Ukiifuata, unakuta kampuni iliuza jengo kwa 700, na kwa kuwa vitabuni lilikuwa na thamani ya 300, ikaandika faida ya 400. Jengo huuzwa mara moja tu. Faida ya uendeshaji iliyotangazwa ni 1,000, dhidi ya 800 mwaka jana. Toa zile 400 za jengo, unabaki na 600. Kwa hiyo faida ya biashara yenyewe, ile ya kuuza bidhaa kila siku, imeshuka kwa robo. Kampuni haijadanganya mahali popote, ila msomaji aliyeambiwa asilimia 22 peke yake ataondoka na picha iliyo kinyume.

Kisha nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ambayo waandishi wengi huiruka. Katika mfano wetu, fedha zilizotokana na shughuli za biashara zimeanguka kutoka 700 hadi 250. Sababu iko kwenye mizania: wateja waliokuwa wakidaiwa 900 sasa wanadaiwa 1,500. Gawanya deni hilo kwa mapato ya mwaka, kisha zidisha kwa 365. Mwaka jana mteja alichukua kama siku 41 kulipa, sasa ni siku 66. Mauzo yanahesabiwa kuwa mapato bidhaa inapokabidhiwa, hata kama malipo hayajafika. Basi ule ukuaji wa asilimia 3 huenda umepatikana kwa kuwapa wateja muda mrefu zaidi wa kulipa. Andika kuwa hilo ni swali, kwa sababu hesabu peke yake haithibitishi nia.

Deni ndilo linalohitaji utulivu zaidi. Jumla ya mikopo imetoka 3,000 hadi 3,300, ongezeko ambalo halishtui. Lakini angalia mgawanyo wake. Mwaka jana mikopo inayotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 ilikuwa 600, mwaka huu ni 2,000, huku fedha taslimu zikiwa 300 tu. Mkopo huhamia upande wa muda mfupi kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kawaida: tarehe ya kuulipa imekaribia. Ya pili ni nzito: kampuni imevunja sharti la mkopo, na mkopeshaji amepata haki ya kudai fedha zake mara moja. Hapo viwango vya kimataifa vya uhasibu huitaka kampuni iuhesabu mkopo kuwa wa muda mfupi, hata kama mkataba ulikuwa na miaka kadhaa mbele, isipokuwa kama, kufikia siku ya kufunga hesabu, mkopeshaji alikuwa amekubali kuipa muda wa angalau miezi 12 baada ya siku hiyo. Jibu hupatikana kwenye maelezo ya mikopo, na mara nyingi kwenye ripoti ya mkaguzi pia.

Pima na riba. Mwaka jana faida ya uendeshaji ilitosha kulipa riba ya 300 zaidi ya mara mbili na nusu. Mwaka huu, bila jengo, zile 600 zinaitosha riba ya 390 mara moja na nusu tu.

Ripoti ya mkaguzi isome hata ukiambiwa ni safi. Mkaguzi anaweza kukubali hesabu zote na bado akaweka aya inayosema kuna shaka kubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Kama kilichotoka ni muhtasari usio na ripoti hiyo wala maelezo ya hesabu, omba ripoti kamili. Ikikosekana kabla ya muda wa kuchapisha, mwambie msomaji kwamba bado haijatolewa.

Kabla ya kuandika, mtumie mkurugenzi wa fedha maswali matatu mafupi: fedha za jengo zimetumika wapi, kwa nini wateja wanachelewa kulipa, na zile 2,000 zitalipwa kwa njia gani. Kisha aya ya kwanza inaweza kusomeka hivi: “Faida ya kampuni imepanda kwa asilimia 22 kutokana na mauzo ya jengo, lakini bila mauzo hayo faida ya uendeshaji imeshuka kwa robo, huku kampuni ikikabiliwa na mikopo ya milioni 2,000 inayopaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja.” Tarakimu tatu zinatosha hapo. Siku za malipo na riba ziende aya za chini, kila moja na aya yake, na majibu ya mkurugenzi yakae karibu na tarakimu anayoieleza.