Kabla wenye hisa hawajaikopesha kampuni yao: pima dari ya riba kwanza

Hajji mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alinijia ofisini Kampala na daftari la kaunta lililochakaa pembe. Yeye na nduguze wawili walikuwa wamefungua kampuni ya kusaga mahindi upande wa Busia. Kwenye karatasi za usajili hisa zao zilikuwa za shilingi milioni 10 tu. Pesa iliyojenga kinu chenyewe, shilingi milioni 1,500, ilikuwa imeandikwa katika lile daftari kama mkopo wa ndugu watatu kwa kampuni, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka.

"Mwanangu," akaniambia, "riba ni gharama. Gharama inapunguza kodi. Si ndivyo?"

Ndivyo Hajji, lakini si yote: sheria ya kodi ya Uganda inaweka dari kwa riba inayoweza kupunguza kodi. Pale kwenye "si yote" ndipo watu wengi huumia, kwa kuwa hesabu hii hawaifanyi siku ya kutoa pesa. Huifanya baada ya mwaka kufungwa, wakati hakuna kinachoweza kubadilishwa. Tarakimu nitakazotumia humu nimezifanya za mviringo ili zifuatike kwa urahisi.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kama sheria hii inakuhusu. Wengi bado wanashikilia habari za zamani. Zamani kizuizi kiliyalenga makampuni yanayotawaliwa na wageni, na kipimo kilikuwa uwiano wa deni na mtaji. Mwaka 2018 kipimo hicho kiliondolewa, ukaja mwingine unaotazama faida, lakini ukiwahusu walio katika kundi la makampuni yenye mmiliki mmoja. Tangu tarehe 1 Julai 2023 wigo umepanuliwa: kila mlipakodi anaingia, isipokuwa taasisi za fedha. Kwa hiyo kampuni ya ndugu watatu wa Busia, isiyo na tawi wala mgeni hata mmoja, imo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Riba ya madeni yote ya kampuni inayokubaliwa kupunguza kodi haipiti asilimia 30 ya faida ya kikodi kabla ya kutoa riba na uchakavu wa mali. Wahasibu huiita EBITDA ya kikodi. Hapo kuna maneno mawili ya kushika.

La kwanza ni "yote". Watu hudhani dari hii ni ya mkopo wa wenye hisa peke yake, na kwamba riba ya benki iko salama pembeni. La hasha. Riba ya benki na riba ya ndugu zinakaa chini ya dari moja, na kila shilingi ya riba unayowaandikia ndugu inakula nafasi ambayo riba ya benki ingeikalia. Tena ya benki huna budi kuilipa. Ya ndugu mmejipangia wenyewe.

La pili ni "ya kikodi". Usichukue faida iliyo kwenye hesabu za mkaguzi ukaishia hapo. Unaanza na mapato yanayotozwa kodi, unatoa gharama zinazokubaliwa, lakini riba na makato ya uchakavu unayaacha kwanza. Gharama iliyokataliwa, kwa mfano manunuzi yasiyo na risiti ya kielektroniki ya EFRIS pale inapotakiwa, hairuhusiwi kutolewa, hivyo EBITDA ya kikodi inapanda na dari inapanda nayo. Usifurahi. Gharama ya milioni 100 ikikataliwa, kodi inaongezeka milioni 30; dari inapanda milioni 30 na, ukiwa na riba ya kuijaza, inakuokolea milioni 9.

Sasa turudi kwenye daftari la Hajji. Mkopo wa ndugu, milioni 1,500 kwa asilimia 14, unazaa riba ya milioni 210. Kampuni ilikuwa pia na mkopo wa benki wa milioni 400 kwa asilimia 20, yaani milioni 80. Jumla ya riba ya mwaka ni milioni 290.

Kinu kilikuwa kimefanya kazi nzuri. Baada ya kutoa mahindi, umeme, mishahara, magunia na usafiri, EBITDA ya kikodi ilikuwa milioni 500. Makato ya uchakavu wa mashine na magari yalikuwa milioni 170. Hajji aliitoa riba yote, akabakiwa na milioni 40. Akaipiga kwa kiwango cha kodi ya kampuni, asilimia 30, akapata kodi ya milioni 12 na akaiona ya kuvumilika.

Lakini asilimia 30 ya milioni 500 ni milioni 150. Hiyo ndiyo dari. Riba iliyobaki, milioni 140, inawekwa kando. Faida ya kutozwa kodi inakuwa 500 ukitoa 170 ukitoa 150, yaani milioni 180, na kodi yake ni milioni 54. Tuseme uchakavu wa vitabuni unalingana na ule wa kikodi: kampuni iliyopata faida ya milioni 40 inadaiwa kodi ya milioni 54. Hajji alinyamaza, akakigeuza kikokotoo kuelekea kwake, akapiga hesabu upya mwenyewe. Ikatoka ileile.

Na bado. Ndugu ni wakazi wa Uganda, na kampuni ikiwalipa riba inapaswa kuzuia kodi ya asilimia 15 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Kodi hiyo ya zuio inakatwa kwenye milioni 210 zote, si kwenye sehemu iliyokubaliwa tu: milioni 31.5. Dari inamnyima mkopaji nafuu yake, lakini haimsamehi mpokeaji. Kwa ile riba iliyopita dari, serikali inachukua pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla pesa haijaingia, fanya jaribio la mstari mmoja: chukua riba yote ya mwaka uigawanye kwa 0.3. Jibu ndiyo EBITDA ya kikodi unayohitaji ili riba yote ikubaliwe. Kwa kinu hiki, 290 kugawanya kwa 0.3 ni kama milioni 967. Muulize msimamizi wa kinu kama msimu wa kawaida unaweza kuleta hiyo. Akicheka, umeshapata jibu.

"Lakini ziada si inasogezwa mwaka ujao?" Hajji aliuliza, na alikuwa sahihi. Riba iliyozidi inahesabiwa kama gharama ya mwaka unaofuata, lakini kwa muda usiozidi miaka mitatu. Tazama inavyokwenda. Tuseme mwaka wa pili EBITDA imepanda hadi milioni 600. Dari ni milioni 180. Riba ya mwaka huo wenyewe ni milioni 290, tayari imeipita. Zile milioni 140 za mwaka jana zinakuja kupanga foleni nyuma ya watu ambao nao hawajahudumiwa. Kusogeza mbele kunamsaidia aliyepata mwaka mmoja mbaya kati ya mizuri. Aliyekopa kupita kiasi tangu mwanzo, riba yake inangoja hadi muda unakwisha.

Hapo pana mtego ambao nauona mkubwa kuliko yote, nao ni wa kampuni changa. Miezi ya kujenga na kufunga mashine hakuna mauzo. EBITDA ni sifuri au hasi, dari ni sifuri, na riba yote ya kipindi hicho inakuwa ziada huku saa ya miaka mitatu imeanza kuhesabu. Gharama za kawaida zikikutia hasara, hasara hiyo unaweza kwenda nayo miaka mingi zaidi. Riba iliyozidi dari haipati subira hiyo. Basi ikiwa mnajenga, jengeni kwa pesa ya hisa, au mkataba wa mkopo useme tangu mwanzo kwamba riba itaanza kuhesabiwa kinu kitakapoanza kuuza. Useme hivyo kabla, si kwa karatasi iliyorudishwa tarehe nyuma.

Karatasi zenyewe hazihitaji maelezo mengi. Daftari la kaunta si mkataba. Kuwe na mkataba kwa kila mkopeshaji, azimio la wakurugenzi, na pesa ipite benki ili ionekane imetoka kwa nani. Ionekane pia ilikwenda kwenye biashara, kwa sababu riba ya pesa iliyonunua kiwanja cha familia haikubaliwi hata kama dari ina nafasi tele. Miamala kati ya wahusika wenye uhusiano ikipita jumla ya shilingi milioni 500 kwa mwaka, kanuni za bei kati ya wahusika zinadai kumbukumbu za kuthibitisha kwamba kiwango cha riba ndicho ambacho mtu baki angekubali. Na riba isiyopita katika kipimo hicho inapunguzwa kwanza, kabla hata ya kufika kwenye dari.

Tulichofanya kwa Hajji ni kurudi kwenye mgawanyo wa pesa. Kati ya milioni 1,500, milioni 1,000 ziligeuzwa kuwa hisa, na milioni 500 zikabaki mkopo. Riba ya ndugu ikashuka hadi milioni 70. Ukijumlisha milioni 80 za benki unapata milioni 150, sawa na dari. Gharama ya kuongeza mtaji ilikuwa ushuru wa stempu wa asilimia 0.5, yaani milioni 5, na ada za usajili.

Nisikudanganye: kodi ya kampuni kwa mwaka kama ule haikushuka hata senti. Ilibaki milioni 54, kwa sababu zile milioni 140 hazikuwa zikipunguza kitu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba kampuni haidaiwi tena kuzilipa, wala milioni 21 za zuio juu yake. Siku ndugu wakitaka kugawana faida, gawio nalo lina zuio la asilimia 15, ila siku hiyo wanaichagua wao. Ubaya wake ni kwamba mkopo ungerudishwa kwao kirahisi, ilhali kutoa pesa iliyoingia kwenye hisa kuna taratibu zake. Mdogo wake Hajji alikataa kwa sababu hiyo hiyo, na hakuwa mjinga. Ndiyo maana zile milioni 500 zilizobaki mkopo, nyingi ni zake.

Mwisho ni makadirio. Kampuni hulipa kodi kwa awamu mbili ndani ya mwaka kwa makadirio yake yenyewe. Ukikadiria chini ya asilimia 90 ya faida halisi ya kutozwa kodi, unaadhibiwa kwa asilimia 20 ya tofauti. Hajji alikuwa amekadiria kodi ya milioni 12. Asilimia 90 ya milioni 54 ni milioni 48.6, pengo ni milioni 36.6, na adhabu yake milioni 7.32. Makadirio yanaweza kusahihishwa kabla mwaka haujafungwa. Alipokuja kwangu na daftari lake ilikuwa mwezi wa tano, na mwaka wake unafungwa tarehe 30 Juni.