Kipa wa asilimia 76 na kipa wa asilimia 68: namna ya kuwapima kwa PSxG

Tuwachukue makipa wawili wa kubuni, msimu mmoja, ligi moja. Wa kwanza amepigiwa mashuti 150 yaliyolenga lango na kufungwa mabao 36. Ameokoa 114, yaani asilimia 76. Wa pili amepigiwa 110, kafungwa 35, kaokoa 75, yaani asilimia 68. Kijiweni kesi imeshaisha: wa kwanza ndiye kipa, wa pili auzwe.

Shida ya asilimia ni kwamba inahesabu mashuti kama vile yote ni sawa. Shuti la mita 28 linalomfuata kipa kifuani ni moja. Shuti la mita saba linaloelekea kona ya chini ni moja pia. Kipa ambaye mabeki wake wanawalazimisha wapinzani kupiga kwa mbali atadaka mipira laini mchana kutwa na asilimia yake itapanda bila yeye kufanya la ajabu.

PSxG, yaani mabao tarajiwa baada ya shuti kupigwa, inaliangalia kila shuti likiwa limeshatoka mguuni na kulipa namba kati ya 0 na 1: uwezekano wa kuwa bao. xG ya kawaida, yaani mabao tarajiwa, hupima nafasi kabla mpira haujapigwa: umbali, pembe, mguu au kichwa. PSxG inaongeza mahali mpira unapoelekea ndani ya lango, na inayahesabu tu mashuti yaliyolenga lango. Penalti inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kabla ya kupigwa, modeli ya kampuni ya takwimu ya Opta huipa takriban 0.79, nani apige au apige wapi haijalishi. Ikishapigwa kwenye pembe ya juu, PSxG inakaribia 1. Ikipigwa katikati, laini, inashuka chini sana. Ikipaa juu ya mwamba ni sifuri, kwa sababu hapo kipa hakuwa na kazi. Kampuni ya StatsBomb wanaiita PSxG, Opta wanaiita xGOT. Wazo ni lile lile, modeli ni tofauti, kwa hiyo usichukue namba ya huku ukaitoa kwenye namba ya kule.

Hatua ya 1: safisha orodha. Toa mabao ya kujifunga, maana hakuna shuti la mpinzani la kupimwa. Penalti ziweke kando kwenye hesabu yake. Kipa aliyepigiwa penalti tisa msimu mzima hafananishwi na aliyepigiwa mbili.

Hatua ya 2: anza na mechi moja, kwa mkono. Usikimbilie jumla ya msimu kabla hujaona namba inavyotembea. Huu ni mfano wa mechi moja, namba nimezitunga mimi:

```
A                            B (PSxG)   C (bao)
Mita 28, katikati ya lango   0.04       0
Kichwa hafifu                0.06       0
Pembeni, limepita tobo       0.09       1
Mita 20, limedunda           0.11       0
Ana kwa ana, chini kushoto   0.62       0
Mita 6, pembe ya juu         0.88       1
```

Asilimia ya kuokoa ni nne kwa sita, 67. Jumla ya PSxG ni 1.80, kafungwa 2, tofauti ni −0.20. Sasa soma mstari kwa mstari, utamu uko hapo. Kwa kuokoa ile ya ana kwa ana amejipatia +0.62. Ile ya pembe ya juu imemgharimu 0.12 tu, kwa kuwa karibu kila kipa angefungwa. Ile ya tobo imemkata 0.91. Mashuti matatu mepesi, yote kwa pamoja, yamempa 0.21. Kwenye asilimia, kila moja kati ya hayo matatu lina uzito sawa na ile ya ana kwa ana.

Hatua ya 3: rudi kwenye msimu, na ugeuze PSxG iwe asilimia. Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu inamwachia mpenzi wa asilimia asilimia yake. Gawanya jumla ya PSxG kwa idadi ya mashuti, upate ugumu wa wastani wa shuti moja. Kisha 1 toa hiyo namba, upate asilimia ambayo kipa wa kawaida angeokoa kwenye mashuti yale yale.

Kipa wa kwanza: tuseme PSxG yake ni 34.5 kwa mashuti 150. Wastani ni 0.23, kwa hiyo alitarajiwa kuokoa asilimia 77. Ameokoa 76. Amefungwa bao moja na nusu zaidi ya ilivyotarajiwa. Kipa wa pili: PSxG 40.7 kwa mashuti 110, wastani 0.37. Alitarajiwa kuokoa asilimia 63, ameokoa 68. Ameinusuru timu karibu mabao sita, 40.7 kutoa 35. Huyu wa "auzwe" ndiye aliyefanya kazi.

Hatua ya 4: pima bahati kabla hujamtangaza mfalme. Wengi huishia hatua ya tatu, na hapo ndipo wanapoumbuka msimu unaofuata. Hata kipa wa kawaida kabisa hatapata sifuri kamili kila msimu. Kuna mpira utamgonga goti, mwingine utapita chini ya kwapa. Ukubwa wa mtikisiko huo unahesabika. Kwa kila shuti zidisha PSxG kwa (1 − PSxG), jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwenye Excel, kwa ile mechi ya hatua ya 2 ikianza mstari wa pili:

```
=SUM(B2:B7)-SUM(C2:C7)
=SQRT(SUMPRODUCT(B2:B7,1-B2:B7))
```

Fomula ya kwanza inatoa −0.20, ya pili 0.78. Maana yake mechi moja inaweza kuyumba kwa robo tatu ya bao kwenda juu au chini bila kipa kuwa mzuri wala mbovu. Ile −0.20 haisemi kitu. Kwa mashuti mia na kitu, yakiwa mchanganyiko wa mepesi na magumu, mtikisiko huwa karibu mabao manne. Ile +5.7 ya kipa wa pili ni kama mara moja na nusu ya mtikisiko: dalili nzuri, ila bado si ushahidi wa kumlipia mtu pesa nyingi. Mimi husubiri misimu miwili, ikiwezekana mitatu, inayoelekeza upande mmoja.

Hatua ya 5: kagua modeli yenyewe. Jumlisha PSxG ya ligi nzima, ulinganishe na mabao yaliyofungwa (bila ya kujifunga). Ikiwa modeli inasema 800 na mabao ni 740, kila kipa ataonekana shujaa. Zidisha PSxG zote kwa 740/800 kabla ya kulinganisha.

Kuna kitu namba hii haikioni, na ni kizito. Kipa anayetoka haraka kuziba pembe anaweza kumfanya straika apige nje. Shuti lililotoka nje ni sifuri, kwa hiyo hapati chochote. Krosi aliyoidaka kabla haijamfikia mtu, mpira aliousafisha nje ya kumi na nane, pasi zake, vyote haviko humu. PSxG inapima kuzuia mashuti, basi. Anayetaka kumpima kipa mzima aongeze vipimo vingine.

Maswali ya wanachama

*Kaka, fainali ya Courtois ya mwaka 2022 hesabu hii inaionaje? Aliokoa zote, si ndiyo asilimia mia?*

Ndiyo, kwenye fainali ile ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, tarehe 28 Mei 2022 pale Paris, Liverpool walilenga lango mara tisa na Courtois akaokoa zote tisa, Real Madrid wakashinda 1-0. Lakini angalia asilimia inavyomdhulumu. Mia kwa mia ungeipata hata kwa mipira tisa ya kifuani. Yeye aliugusa mpira wa Mané kwa vidole hadi ukagonga nguzo, na kipindi cha pili akaweka mkono mbele ya Salah aliyekuwa ameshaingia upande wa kulia. Kwa PSxG mashuti ya aina hiyo yanabeba sehemu kubwa ya jumla, na yale laini yanabaki na uzito wake mdogo. Ila tisa ni tisa. Ukitaka kusema Courtois ni kipa wa kiwango gani, usitumie usiku mmoja.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni kocha wa makipa daraja la chini, Tanga. Data za namna hii sisi hatuna. Nifanyeje?*

Marahaba. Tumia video na makapu manne. Shuti jepesi lipe 0.05, la wastani 0.25, gumu 0.60, lisilozuilika 0.90. Namba hizi ni za kuanzia tu, nimezikadiria mwenyewe. Mtego uko kwenye kupanga: ukishaona mpira umo nyavuni, kila shuti linaonekana gumu, na ukiona limepanguliwa linaonekana jepesi. Mimi nilijidanganya hivyo msimu mzima kwa kipa niliyempenda. Kwa hiyo mwombe mtu mwingine akate video, asimamishe picha mpira ukiwa unakaribia kipa na mwelekeo unaonekana, na wewe upange bila kujua mwisho wake. Panga na mashuti ya makipa wa timu pinzani pia, kisha fanya hatua ya 5. Jumla yako ikiwa 62 na mabao 48, makapu yako yanapendelea makipa, yashushe.

*Ronwen Williams wa Afrika Kusini aliokoa penalti nne dhidi ya Cape Verde kwenye AFCON. Hizo zinaingia?*

Hapana. Ile ilikuwa mikwaju ya matuta baada ya sare ya 0-0, robo fainali, Februari 2024. Matuta hayahesabiwi kama mashuti ya mechi, wala kwenye asilimia. Ukitaka yapime peke yake, na ukumbuke kipa anaweza kukaa miaka bila kusimama kwenye matuta.

*Kipa wetu ana tabia ya kutema mpira halafu anaokoa ule wa pili, watu wanapiga makofi. PSxG haimzawadii makosa yake?*

Inamzawadia, na swali lako limegusa penyewe. Tuseme shuti la kwanza ni 0.30, analitema miguuni mwa straika, la pili ni 0.80, analiokoa. Hesabu ya kawaida inampa +1.10 kwenye shambulizi ambalo lisingeweza kuzaa zaidi ya bao moja. Dawa ni kuyaunganisha mashuti ya shambulizi moja: 1 − (0.70 × 0.20) = 0.86. Hapo zawadi haivuki bao moja. Hata hivyo bado ni kubwa kuliko 0.30 ambayo angepata kama angeudaka mara ya kwanza, kwa hiyo kwa kipa wa aina hiyo weka safu nyingine pembeni: ameokoa mara ngapi, na katika hizo ni mara ngapi mpira ulirudi kwa mpinzani ndani ya kumi na nane. Ukiwa na safu hiyo utajua makofi yanapigwa kwa nini.