Maji ya mvua ya kunywa na kupikia: jinsi ya kufunga bomba la kutupa maji ya kwanza

Kwa wale wa Kigamboni na ukanda wote wa pwani ambako kisima kinatoa maji ya chumvi mpaka chai haina ladha, huu ndio mfumo ninaowafungia watu. Ni maji ya jikoni tu, kunywa na kupikia. Kufua, kuogea na chooni endelea na kisima chako, maana ukitaka mvua ifanye kila kitu utanunua matanki mpaka uchoke na bado kiangazi kitakukuta mkavu.

Hesabu kwanza. Mvua ya milimita 1 ikidondoka kwenye mita 1 ya mraba inakupa lita 1, ila toa kama asilimia 20 kwa yale yanayoruka nje ya gata na kuvuja. Chukua nyumba ya bati yenye urefu wa mita 10, upande mmoja wa paa umefunika mita 3 ukipima chini kwenye ardhi sio juu kwenye mteremko, hapo una mita 30 za mraba. Mwezi wa nne ukinyesha milimita 250, unapata lita 6,000. Familia ya watu 6 kwa kunywa na kupika weka lita 40 kwa siku, kwahiyo simtanki la lita 5,000 likijaa linawavusha siku 125, yaani toka mwanzo wa Juni mpaka mwanzoni mwa Oktoba vuli zikikaribia. Umeona, upande mmoja wa paa umetosha. Usifunge gata nyumba nzima kama hela ni ya mawazo.

Hatua ya 1, paa lenyewe. Bati na vigae viko sawa. Makuti hapana kwa kunywa, maji yanatoka na rangi ya chai na wadudu humo ndani ni wengi. Bati lililopakwa rangi ya zamani ambayo hujui ina nini, au lenye vipande vya risasi kwenye maungio, usinywe maji yake, risasi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa dawa. Bati jipya acha mvua kadhaa za mwanzo zilioshe kwanza. Halafu kata matawi ya mwembe yanayoning'inia juu, maana pale ndipo kunguru wanapokaa na kinyesi cha ndege ndio adui mkubwa wa maji haya kuliko vumbi.

Hatua ya 2, gata. Mteremko sentimita 1 kila mita inatosha, vishikio visiachane sana, gata likibonyea katikati maji yanatuama na mbu anataga hapo hapo. Sehemu maji yanapoingilia kwenye bomba weka wavu wa kuzuia majani.

Hatua ya 3 ndio yenyewe, na ndio mafundi wengi wanairuka. Mvua inapoanza, maji ya dakika za mwanzo yanaosha paa, vumbi, kinyesi, mijusi iliyokauka, vyote vinashuka pamoja. Hayo hayatakiwi kuona tanki kabisa. Kwa paa la kawaida tupa angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwahiyo mita 30 ni lita 15. Kama upo karibu na barabara ya vumbi au ndege ni wengi, ongeza mara mbili, haina hasara.

Unajenga hivi. Bomba la inchi 3 linashuka toka kwenye gata linaingia kwenye tii ya inchi 3. Tawi la pembeni la tii linaelekea kwenye tanki. Chini ya tii, badala ya kuziba, unaweka redusa ya kutoka inchi 3 kwenda 4 halafu bomba la inchi 4 lililosimama wima. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 na nusu kwa mita, kwahiyo mita 2 zinakupa lita 17, tumeshapita 15. Ndani yake tumbukiza mpira mdogo unaoelea, mnene kuliko shingo ya redusa lakini unaopita kirahisi kwenye bomba la inchi 4. Maji machafu yanajaza bomba, mpira unapanda nayo, ukifika shingoni unaziba, na yanayofuata hayana pa kwenda ila pembeni kwenye tanki. Chini kabisa funga endi kapu ya kuzungusha, sio ya kugundisha, na koki ya nusu inchi pembeni kidogo juu ya kapu. Koki hiyo iache imefunguliwa kidogo sana idondoke tone tone ili bomba lijimwage lenyewe mvua ikikata. Wengine wanatoboa kapu kwa msumari wa inchi 4, shimo linakuwa kubwa mno na mvua nyepesi yote inaishia chini.

Cheki urefu kabla hujakata bomba. Simtanki la 5,000 lina karibu mita 2, ukiliweka kwenye msingi wa sentimita 30 mdomo wake uko kwenye mita 2.3, kwahiyo tii lazima ikae juu ya hapo, tuseme mita 2.5, ukishusha mita 2 za bomba inabaki kama nusu mita chini ya kuweka ndoo. Nyumba yenye paa fupi gawa hilo bomba mawili mafupi.

Siku mbili tatu kavu zikipita na bomba bado limejaa, koki imeziba kwa tope. Fungua kapu, suuza, rudisha. Usipofanya hivyo mvua inayofuata inakuta mpira umeshaziba na uchafu wote unapita moja kwa moja tankini, na wewe unajua una mfumo.

Hatua ya 4, tanki. Liwe jeusi au lisilopitisha mwanga, mwanga ukiingia ukijani unaota. Kifuniko kifunge kabisa, neti laini ya mbu kwenye bomba la kuingilia na kwenye la kutolea maji yakizidi, hilo la pili ndio linasahaulika. Koki ya kuchotea iwe sentimita 5 mpaka 10 juu ya sakafu ya tanki ili tope libaki chini. Bomba la kuingilia lishushe ndani mpaka karibu na chini na mwisho wake uugeuze kwa elbo utazame juu, hapo maji hayavurugi tope.

Hatua ya 5, kutibu. Maji kuonekana meupe haina maana ni salama. Usimwage dawa kwenye tanki zima, klorini inaisha nguvu na mvua mpya inaingia kila siku, tibu yale ya leo tu. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, dakika 1 inatosha huku pwani, kule nyanda za juu kuanzia mita 2,000 acha dakika 3. Ukitumia vidonge soma pakiti, maana vingine ni vya lita 20 vingine vya lita 5, subiri dakika 30 ndio unywe. Yakiwa na ukungu chuja kwanza kwa kitambaa safi, uchafu unakula dawa. Ya wali na maharage yanachemka jikoni kwahiyo hayahitaji dawa, ila ya kuoshea kachumbari na matunda yatibu kama ya kunywa. Yaliyotibiwa weka kwenye ndoo yenye kifuniko na koki, kata isizamishwe humo.

Maji yakianza kunuka mayai viza, tope limejaa chini, ukiona viluwiluwi, neti imetoboka mahali. Kuosha tanki fanya mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu likiwa karibu tupu, sugua na suuza kwa brashi ya mpini mrefu toka juu, mtu asiingie ndani peke yake.