Kutengeneza nywila kwa tovuti yenye masharti magumu

Juzi nikiwa kibandani kwangu Mwanga, Kigoma, nilimfungulia mteja akaunti kwenye mfumo wa maombi ya mkopo. Masharti yake: nywila ya herufi 8 hadi 12, yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, ila alama zenyewe ni @ # _ tu. Nywila ya kwanza ilitoka na `&` ndani, ikagoma. Kwenye KeePassXC, programu ya kutengeneza na kuhifadhi nywila, nilifanya hivi.

1. Fungua kizalishi cha nywila, weka urefu 12. Kikomo kikiwa 12, tumia zote 12, usiridhike na 8.

2. Washa A-Z, a-z na 0-9. Bofya `Advanced`, kisha zima vitufe vyote vya alama.

3. Kwenye `Also choose from` andika alama zinazokubalika pekee:

```
@#_
```

4. Weka tiki `Pick characters from every group`. Usipoiweka, nywila inaweza kutoka bila alama hata moja, nawe ukabaki kubofya upya bila kujua tatizo ni nini.

5. Hifadhi kwanza kwenye KeePassXC, ndipo ubandike kwenye tovuti. Kwenye `Notes` andika masharti, maana siku ya kubadilisha utakuwa umeyasahau.

Alama zilizokatazwa hazikupunguzii sana. Herufi 12 zilizochaguliwa kati ya 94 za kibodi zina takribani biti 79 za ugumu wa kukisiwa. Kati ya hizi 65, yaani herufi 52, tarakimu 10 na alama 3, zina 72. Kinachouma ni urefu: kushuka kutoka 20 hadi 12 kunakula biti 48 hivi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi natumia Bitwarden, sioni pa kuchagua alama.*
Kweli, pale unawasha kundi zima la alama au unalizima. Lizima, weka urefu 11, kisha chomeka `_` mwenyewe katikati. Herufi 11 za bahati nasibu bado zina biti 65.

*Kaka, nimejisajili vizuri, lakini nikiingia inasema nywila si sahihi. Nimebandika ileile!*
Uliweka ngapi?

*Ishirini. Haikulalamika.*
Basi huenda ukurasa wa kujisajili ulikata kimyakimya, na ule wa kuingia haukati. Bandika tena kwenye ukurasa wa kujisajili, uhesabu vidoti: vikiishia 12, jibu umelipata. Jaribu kuingia kwa herufi 12 za mwanzo. Zikikubali, badilisha nywila mara moja, safari hii utengeneze ya 12 kamili. Usijaribu-jaribu ovyo, mifumo mingine hufunga akaunti.

*Mfumo wangu unataka nywila ianze na herufi, si tarakimu.*
Bofya kitufe cha kuzalisha upya hadi ianze na herufi. Kwa mchanganyiko huu, mara nyingi ni bofyo moja au mawili. Usiihariri kwa mkono, utaishia kuanza na A kila mara.